Vitamini D ilikuwa 57, sasa ni 24. Farmasi wanataka ninywe ampuli ya 200,000. Nifanye nini?

MamaWaBelair
Ndugu zangu, habari za leo. Niko na miaka 38, nafanya kazi ya ofisi hapa Lubumbashi. Naingia asubuhi mapema, natoka jua limeshazama. Tangu mwaka jana nachoka sana, nikipanda ngazi moyo unadunda, na nywele zinakatika. Mwezi wa kwanza nilipima vitamini D, karatasi ikaandika 57. Mwezi wa sita nimepima kwenye labo nyingine, imetoka 24, pembeni wameweka nyota na neno "haitoshi".

Farmasi wameniambia ninywe ampuli ya yuniti 200,000 leo, nyingine baada ya wiki mbili, halafu moja kila mwezi. Labo hiyo ya pili ilipima na vingine: hemoglobini 12.3, ferritini 12, sukari na tiroide. Hivyo vyote havina nyota, kwa hiyo viko sawa. Kinachonitisha ni kushuka kutoka 57 mpaka 24 kwa miezi mitano tu. Ni nini kinakula vitamini D yangu?

Fiston_Kenya
Yaya, usichelewe. Imeshuka zaidi ya nusu, huo ni upungufu mkubwa. Mimi nilikuwa na 22, natumia ampuli hizo mwaka wa pili sasa. Na hiyo waliyokupima ni ya akiba tu. Omba wakupime ile yenyewe inayofanya kazi mwilini, wanaiandika 1,25. Hiyo ndiyo inasema ukweli.

Labo_Kamalondo
Mama, kabla ya ampuli, tafadhali chukua karatasi zote mbili uangalie herufi zinazofuata namba. Ya kwanza wameandika nini, ya pili wameandika nini?

MamaWaBelair
Ya kwanza 57 nmol/l. Ya pili 24 ng/ml.

Labo_Kamalondo
Basi hakuna kilichokula vitamini D yako. Labo hizo mbili zinatumia vipimo viwili tofauti. Ili kutoka nmol/l kwenda ng/ml unagawanya kwa 2.5. 57 gawanya kwa 2.5 ni 22.8. Mwezi wa kwanza ulikuwa na karibu 23, sasa una 24.

Na usiseme imepanda. Mashine mbili tofauti zikipima damu ileile ya siku ileile zinaweza kupishana kwa asilimia 10, hata zaidi. 23 na 24 kwetu sisi ni namba moja.

Mdogo wangu Fiston, una haki kwamba ziko aina mbili, ila umezigeuza. Kujua kama mtu ana vitamini D ya kutosha tunapima ile ya akiba, 25(OH)D. Ile 1,25 inatengenezwa hasa na figo kwa amri. Akiba ikipungua, tezi ndogo za shingoni zinasukuma figo zitengeneze zaidi, kwa hiyo mtu mwenye akiba tupu kabisa anaweza kutoka na 1,25 nzuri, au hata ya juu. Akiisoma hivyo anarudi nyumbani akijiona mzima. Kipimo hicho ni cha wagonjwa wa figo na hali chache ambazo daktari mwenyewe anazitafuta.

MamaWaBelair
Asante sana, nimepumua. Lakini 24 bado ina nyota. Karatasi inasema chini ya 20 ni upungufu, 20 mpaka 30 haitoshi, 30 mpaka 100 ni nzuri. Kwa hiyo sina ya kutosha, au sivyo?

Labo_Kamalondo
Hapo ndipo watu wengi wanapotea, wakiwemo wanaoandika dawa.

Kwenye karatasi moja kuna mistari ya aina mbili, na kwa macho inafanana. Mstari wa kwanza unatoka kwa watu wazima wa afya: labo inachukua damu zao, inazipanga, inachukua zile asilimia 95 za katikati na kuziita normali. Wengi wa vipimo vyako vimesomwa hivyo. Maana yake ni kwamba kati ya watu 100 wazima kabisa, kama 5 wataangukia nje ya mstari bila kuumwa chochote. Na kinyume chake, kama wale waliopimwa wengi wao walikuwa na tatizo bila kujua, tatizo lao limeshaingia ndani ya normali.

Mstari wa pili hautoki kwa watu waliopangwa. Wataalamu wamekaa, wakaangalia mifupa inaanza kuumia kwenye namba ipi, wakachora. Mistari ya vitamini D ni ya aina hii, na wataalamu wenyewe hawakukubaliana. Mwaka 2011 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilisema ukiwa na 20 mahitaji ya karibu watu wote yametimia, na nusu ya watu wanatosheka na 16 tu. Hatari ya kweli ya mifupa iko chini ya 12. Mwaka uleule chama cha Marekani cha madaktari wa homoni kikaandika chini ya 20 ni upungufu, na kati ya 20 na 30 haitoshi. Labo nyingi zikachukua ya hao wa pili, na karatasi yako imetoka humo.

Mwaka 2024 chama hichohicho kilitoa mwongozo mpya. Kimeacha mistari hiyo, na kimeshauri mtu mzima asiye na sababu maalumu asipimwe vitamini D kwa mazoea. Karatasi za labo bado hazijabadilishwa.

Kwa hiyo 24 yako iko juu ya 20. Mifupa yako haidai ampuli ya 200,000.

Stajeri_Unilu
Kaka mkubwa, kwa heshima, nina swali. Niko mwaka wa mwisho wa udaktari. Kuna utafiti uliochapishwa 2012, walipima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi juani kama zamani, wastani wao ulitoka 115 nmol/l, yaani 46 ng/ml. Hiyo ndiyo hali ambayo miili yetu ya Kiafrika ilizoea. Sasa tukimwambia mama wa ofisini kwamba 24 inatosha, hatumpimi kwa kipimo cha watu wanaokaa kwenye baridi?

Labo_Kamalondo
Utafiti huo naujua na ni mzuri. Unaonyesha jua la kila siku linampa mtu kiasi gani. Hauonyeshi kwamba mwenye 24 anavunjika mifupa au anachoka kwa sababu hiyo. Ukitaka kusema hivyo, lazima uwape watu vitamini D uone kama wanapona kitu. Marekani walifanya hivyo kwa watu karibu 26,000 wa makamo na wazee, yuniti 2,000 kila siku kwa miaka mitano hivi, na matokeo ya mifupa yaliyotoka 2022 hayakuonyesha kuvunjika kupungua.

Stajeri_Unilu
Lakini wengi wao hawakuwa na upungufu walipoanza. Ukimpa maji mtu asiye na kiu, utajuaje kama maji yanasaidia?

Labo_Kamalondo
Hoja hiyo naikubali, na ndiyo maana siku zote nasema walio chini ya 12 ni habari nyingine. Kwa walio kati ya 20 na 30, sijaona ushahidi wa kunifanya nimwandikie mtu ampuli. Wewe una haki ya kuendelea kutafuta.

Papa_Kampemba
Mimi nataka kuuliza juu ya hayohayo ya kumeza bila kupima. Mke wangu ana mimba ya miezi minne, kwenye sante wamempa vidonge vya chuma na asidi foliki siku ya kwanza bila kumpima chuma chake. Kama hapa mnasema tupime kwanza, basi wale wamekosea? Nimemwambia aache mpaka tupate pesa ya egzame.

Muguzi_Katuba
Papa, tafadhali mwambie mama aendelee leo hii. Niko muguzi wa uzazi na nimefanya kazi hiyo miaka mingi. OMS inataka kila mama mwenye mimba ameze chuma miligramu 30 mpaka 60 kila siku, pamoja na asidi foliki miligramu 0.4, bila kusubiri kipimo cha akiba. Mimba inakula chuma kwa wote, kipimo ni kidogo, na hasara ya kungoja ni kubwa kuliko hasara ya kumpa mama ambaye hakukihitaji. Hemoglobini yake wataipima katika siku za konsiltasio, hiyo inatosha.

Kupima kwanza kuna maana pale jibu litabadilisha utakachofanya. Nikupe mfano wa chuma hichohicho. Mtoto wa SS, sikoseli, damu yake iko chini kila siku. Mzazi anaona mtoto mweupe wa viganja, anakimbia kununua sirapu ya chuma. Damu ya mtoto huyo inapungua kwa sababu chembe zinavunjika, na chuma kinabaki mwilini. Kama ameongezewa damu mara nyingi, chuma kimejaa tayari mpaka kwenye ini. Huyo humpi chuma mpaka ferritini imeonyesha kweli amepungukiwa.

Na mwanaume mzima mwenye upungufu wa chuma pia. Yeye hana hedhi, kwa hiyo lazima ujue damu inatokea wapi: tumbo, minyoo, bilharzia. Vidonge vitapandisha namba na kidonda kitabaki.

Papa_Kampemba
Nimeelewa, Mama Muguzi. Anaendelea kumeza usiku huu.

Muguzi_Katuba
Vizuri. Asiviteremshe na chai. Na Labo, mimi naona hapa tumezungumza sana kitu chenye nyota na tumeacha kisicho na nyota. Mama wa Bel-Air ameandika ferritini 12.

Labo_Kamalondo
Ndiyo, nilikuwa narudi hapo. Mama, karatasi yako inaandika normali ya ferritini ni ngapi?

MamaWaBelair
Wanawake 10 mpaka 150. Mimi 12, ndani ya mstari. Hemoglobini 12 mpaka 16, mimi 12.3, ndani pia.

Labo_Kamalondo
Mama, huu ndio mfano wa ule mstari wa kwanza niliosema, wa kupanga watu wazima. Ukipanga wanawake wa umri wa kuzaa, wengi wao wamepungukiwa chuma bila kujua kwa sababu ya hedhi na mimba. Ukichukua asilimia 95 zao za katikati, mpaka wa chini unateremka hadi 10, na upungufu unaitwa normali. OMS haitumii mpaka huo. Kwa mtu mzima wa afya, ferritini chini ya 15 ni akiba ya chuma iliyokwisha. Wewe una 12.

Na ferritini ina tabia moja lazima uijue: inapanda mwili ukiwa na homa au uvimbe wowote. Mtu aliyetoka kwenye malaria wiki iliyopita anaweza kuonyesha 50 na akiba yake ni tupu, ndiyo maana kwa mgonjwa OMS inapandisha mpaka hadi 70. Lakini kushuka, haishuki kwa sababu nyingine. Ikiwa 12, ni 12 ya kweli.

Hemoglobini nayo. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na mahali pa juu mwili unatengeneza damu zaidi. Kwa urefu wetu, mwongozo wa OMS wa 2024 unataka uondoe 0.8 kabla ya kulinganisha. Unabaki na 11.5, na kwa mwanamke asiye na mimba anemia inaanza chini ya 12. Moyo kudunda kwenye ngazi na nywele kukatika ningevitafutia hapo kwanza, kabla ya vitamini D.

MamaWaBelair
Sijui niseme nini. Mwaka mzima naangalia kitu kingine. Hedhi yangu ni nyingi tangu nizae mtoto wa mwisho, siku saba, nane, na mabonge. Sikuwahi kufikiri ni kitu cha kumwambia daktari.

Muguzi_Katuba
Mwambie, mama yangu. Hicho ndicho kisima kinachovuja, na daktari wa wanawake atataka kuangalia kama kuna fibromu. Mpelekee karatasi hizo zote mbili na umwonyeshe ferritini kwa kidole. Kwa kawaida wanaandika kidonge kimoja chenye kama miligramu 60 za chuma chenyewe, mara moja kwa siku, au siku moja umeze siku moja uache kama tumbo linasumbua. Usiongeze ukidhani utapona haraka. Mwili ukipewa kingi kwa mara moja unafunga mlango kwa siku nzima.

Labo_Kamalondo
Na hapa kupima tena kuna maana. Hemoglobini baada ya wiki nne, inapaswa kupanda karibu gramu 1. Isipopanda, ama humezi vizuri, ama damu inapotea kuliko unavyorudisha, ama ni kitu kingine. Ferritini subiri miezi mitatu. Vitamini D usirudie, utapoteza pesa.

BabaWawili_Ruashi
Samahani kuingilia. Mtoto wangu ana miaka miwili na nusu, miguu imepinda kama upinde na anatembea kwa shida. Jirani anasema ni vitamini D, naweza kumpa nusu ya hiyo ampuli ya farmasi?

Muguzi_Katuba
Usimpe kwanza, Baba. Huyu ndiye wa kupimwa. Miguu ya watoto wengi imepinda kidogo mpaka miaka miwili hivi na inajinyoosha yenyewe. Lakini akishapita hapo, na anatembea kwa shida, tunatafuta rakitizi. Mshike mkono: vifundo vya mikono ni vinene? Kuna vinundu kama shanga mbavuni? Anakula nini kila siku?

BabaWawili_Ruashi
Mikono ndiyo, ni minene. Mbavuni sikuangalia. Anakula bukari na mboga, maziwa tulikata alipoacha ziwa.

Muguzi_Katuba
Mpeleke wiki hii. Wampige picha ya kifundo cha mkono, na wapime kalsiamu, fosfati, fosfatazi alkalini na 25(OH)D. Nakwambia sababu ya vyote. Nigeria, kwa utafiti uliotoka 1999, watoto wengi wa rakitizi walikuwa na jua la kutosha. Walichokosa ni kalsiamu kwenye chakula, na waliopewa kalsiamu walipona kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Ukimwaga ampuli kwa mtoto wa namna hiyo unakuwa umetibu kisichoumwa. Wakati unangoja miadi, msagie ndakala wakavu na mifupa yao, uweke kwenye mboga yake kila siku.

Stajeri_Unilu
Na fosfati ikiwa chini sana, mwambie daktari afikirie figo. Kuna rakitizi ya kurithi ambayo vitamini D ya kawaida haiitibu.

Fiston_Kenya
Nimesoma yote. Labo, mimi ni wa ampuli ya 200,000 kila mwezi, mwaka wa pili. Na kidonge cha yuniti 2,000 kila asubuhi, kaka alinitumia kutoka Ubelgiji. Miezi hii nina kiu sana, usiku naamka kukojoa mara tatu. Nilidhani ni sukari lakini sukari imetoka sawa. Inahusiana?

Labo_Kamalondo
Inaweza. Piga hesabu: 200,000 kwa siku 30 ni kama 6,700 kwa siku, ongeza 2,000, unakaribia 8,700. Kiwango cha juu ambacho mtu mzima hashauriwi kupita bila kufuatiliwa ni 4,000. Watu wengi wanavumilia kiasi hicho, wengine hapana, na kiu pamoja na kukojoa usiku ni dalili za kalsiamu iliyopanda.

Simamisha vyote viwili leo. Kesho asubuhi nenda upime kalsiamu, kreatinini, na 25(OH)D, katika mpangilio huo kama pesa haitoshi vyote. Vitamini D ya juu peke yake haiumizi, kinachoumiza ni kalsiamu. Ukianza kutapika, kufunga choo sana, au kichwa kuchanganyikiwa, usingoje asubuhi, nenda urujansi.

Fiston_Kenya
Kreatinini ni ya nini?

Labo_Kamalondo
Figo. Kalsiamu ikikaa juu muda mrefu inatengeneza mawe na kuchosha figo. Na umwambie daktari kama umewahi kutibiwa kifua kikuu, kwa sababu ugonjwa huo wenyewe unaweza kupandisha kalsiamu mtu akinywa vitamini D nyingi. Ukipata majibu, andika hapa namba pamoja na herufi zake.